Kata Kitenzi Kwanza: Jinsi ya Kupima Mapendekezo ya Kikagua Sarufi

Umeletewa katiba ya kikundi cha kuweka na kukopa uisome prufu kabla haijapelekwa kusajiliwa. Unaifungua kwenye kompyuta, na ukurasa umejaa mistari myekundu ya mawimbi. Ibara moja inasema hivi:

"Mwanachama aliyekopeshwa na ambaye hajamaliza deni hatalipwa gawio la mwaka huo. Wadhamini wake wataitwa wawili wawili mbele ya kamati, na kila mmoja ataeleza jinsi alivyomdhamini."

Tuseme programu imepiga mstari mahali panne. Kwenye "aliyekopeshwa" inapendekeza "aliyekopesha". Kwenye "hatalipwa" inapendekeza "atalipwa". "Wawili" ya pili inataka ifutwe. "Alivyomdhamini" inataka iwe "alivyodhamini". Ukikubali yote manne, unapata hii:

"Mwanachama aliyekopesha na ambaye hajamaliza deni atalipwa gawio la mwaka huo. Wadhamini wake wataitwa wawili mbele ya kamati, na kila mmoja ataeleza jinsi alivyodhamini."

Mistari yote imetoweka. Hakuna neno lililokosewa tahajia, na sentensi zinasomeka. Ila mkopaji amegeuka mkopeshaji, adhabu imegeuka zawadi, utaratibu wa kuwaita wadhamini kwa zamu umekuwa idadi yao, na mdhamini haelezi tena alimdhamini nani. Atakayesoma nakala hiyo bila kuona ya kwanza hatakuwa na sababu ya kushuku. Hapo ndipo pendekezo baya linapozidi kosa la kuchapa: kosa la kuchapa hujionyesha, pendekezo baya hujificha ndani ya Kiswahili safi.

Ili ujue lini ukubali na lini ukatae, inafaa kwanza uelewe programu inafanya nini. Kwa Kiswahili, sehemu kubwa ya kazi inayoitwa ukaguzi wa sarufi ni ukaguzi wa tahajia pamoja na kanuni chache za nyongeza, kama vile kuonya neno likirudiwa. Ukaguzi wa tahajia una orodha ya maneno. Neno lako lisipokuwamo, programu hutafuta yale yaliyo jirani nalo kwa herufi: ukipunguza moja, ukiongeza moja, ukibadilisha moja au ukigeuza mpangilio wa mbili. Lililo karibu zaidi hupandishwa juu ya orodha ya mapendekezo. Maana haimo katika hesabu hiyo.

Tatizo letu ni kwamba orodha haiwezi kumaliza vitenzi vya Kiswahili. Chukua Hunspell, injini inayotumiwa na LibreOffice na Firefox. Ilitengenezwa kwanza kwa ajili ya Kihangari, lugha inayopachika viambishi vingi mwishoni mwa maneno, na kwa kawaida yake hutambua tabaka mbili za viambishi vya mwisho na tabaka moja tu la viambishi vya mwanzo. Kitenzi cha Kiswahili kinajazwa mbele. "Aliyemkopesha" kina vinne kabla ya mzizi: a-, -li-, -ye-, -m-. Mtengenezaji wa kamusi anaweza kuvifunga pamoja vihesabiwe kama kiambishi kimoja, lakini kila nafsi, kila ngeli, kila njeo na kila ukanushi vinazaa mfungo wake, na haiwezekani asisahau baadhi. Kwa hiyo neno sahihi kabisa hupigwa mstari kwa sababu tu halikuingizwa, na jirani yake aliyeingizwa huletwa kama tiba.

Na jirani huyo mara nyingi ni yule usiyemtaka. Katika lugha yetu, kutenda na kutendwa hutenganishwa na "w" moja: kopesha, kopeshwa, lipa, lipwa. Kukubali na kukanusha katika nafsi ya tatu umoja ya wakati ujao hutenganishwa na "h" moja: atalipwa, hatalipwa. Herufi moja ndiyo umbali mfupi kuliko wote katika hesabu ya programu, na ndiyo hiyo hiyo inayobeba habari nzito kuliko zote katika sentensi. Ndiyo maana nasema msomaji prufu wa Kiswahili asijiulize kwanza kama neno lililopendekezwa ni sahihi. Karibu kila mara litakuwa sahihi, kwa kuwa limetoka kwenye orodha ya maneno sahihi. Ajiulize pendekezo limegusa kipande gani cha neno.

Njia ni kulikata neno. Andika la mwandishi, andika la programu chini yake, yote mawili yakiwa yamekatwa vipande:

```
a-li-ye-kop-esh-w-a
a-li-ye-kop-esh-a
```

Kilichopotea ni -w-, kiambishi cha kutendwa. Pendekezo halijasahihisha tahajia, limembadilisha mtendaji. Kataa. Fanya vivyo hivyo kwa "hatalipwa": kilichopotea ni alama ya ukanushi. Kataa. Kwa "alivyomdhamini", kilichopotea ni -m-, yaani mtendwa. Hapa mtu anaweza kubisha kwamba mtendwa anajulikana kutokana na sentensi iliyotangulia, na kwamba "alivyodhamini" inapita. Inapita katika mazungumzo. Katika katiba ya kikundi mdhamini anaweza kuwa amewadhamini watu watatu, na -m- ndiyo inayomfunga kwa huyu mmoja. Kataa pia.

Ukishazoea hutahitaji karatasi, jicho litakata lenyewe. Lakini kwa nyaraka za fedha, za ardhi na za mahakama mimi bado ningependekeza kalamu, hasa jioni macho yanapochoka na kidole kinapotangulia akili.

Sasa geuza upande wa pili. Mwandishi huyo huyo ameandika "mwanachama alieomba mkopo", na programu inapendekeza "aliyeomba". Kata:

```
a-li-e-omb-a
a-li-ye-omb-a
```

Kipande kilichoguswa ni kile kile cha urejeshi. Alikitamka mwandishi, akakiandika vibaya, na programu imekiandika vizuri. Hakuna kipande kilichoongezwa wala kuondolewa. Kubali bila kumsumbua mtu. Tofauti ni hiyo: pendekezo linalonyoosha maandishi ya kipande kilichopo ni lako kulikubali, linaloondoa, kuongeza au kubadilisha kiambishi cha nafsi, njeo, ukanushi, mtendwa au mnyambuliko ni la mwenye hati kuamua, hata pale unapodhani kwamba programu imepatia.

Nasema hata pale inapopatia kwa sababu wakati mwingine itapatia kweli. Mwandishi anaweza kuwa ameandika "mwanachama ambaye hakulipa ada" huku kikundi kikiwa kimekubaliana juu ya "hajalipa". Ya kwanza imefunga mlango: muda ulipita, hakulipa. Ya pili imeuacha wazi: mpaka sasa bado, na anaweza kulipa kesho. Pendekezo likikuletea moja badala ya nyingine, huna njia ya kujua kutoka kwenye sarufi ipi ndiyo. Jibu liko kwenye muhtasari wa kikao au kwa watu waliokaa kwenye kikao hicho.

Neno lililorudiwa linahitaji mazungumzo yake, kwa kuwa hapa kanuni ya programu imetungwa kwa lugha ambazo kurudia neno huwa ni kuteleza kwa vidole. Kwenye Microsoft Word kanuni hiyo huitwa `Flag repeated words`, na pendekezo lake ni kufuta. Kiswahili kinarudia kwa makusudi, na kila namna ya kurudia ina kazi yake. "Wawili wawili" ni mgawanyo: si jumla ya watu wawili, ni makundi ya wawili. "Mwezi ule ule" ni mwezi uliotajwa, si mwingine, wakati "mwezi ule" ni mwezi fulani wa mbali kidogo. Ibara ikisema "mkopo urejeshwe kuanzia mwezi ule ule uliotolewa", kufuta "ule" moja kunampa mkopaji nafasi ya kubisha. "Kidogo kidogo" inaeleza namna ya kulipa, "kidogo" inaeleza kiasi.

Kipimo cha haraka ni aina ya neno. Idadi, vielezi, vivumishi na vionyeshi hurudiwa, kwa hiyo simama na usome sentensi nzima kabla ya kufuta. Maneno madogo ya kuunganisha kama ya, wa, kwa, na na ni hayana mazoea ya kurudiwa. Ukiona "kwa kwa" futa uendelee. (Sentensi iliyoorodhesha maneno hayo ina "na na", na programu yoyote yenye kanuni hiyo ingeipigia mstari. Hata kipimo cha haraka kina mipaka.) Yapo pia yale ambayo kamusi zimeyaunganisha, kama mbalimbali. Hapo pendekezo la kufuta ni baya, lakini mstari wenyewe umekusaidia kuona kwamba mwandishi ametenganisha neno moja. Unakataa tiba, unachukua dalili.

Zana zinazojaribu kupendekeza upatanisho wa ngeli zina kosa la namna nyingine: zinajua nusu ya kanuni. Nusu inayojulikana ni kwamba nomino ya kiumbe hai huchukua upatanisho wa a-/wa- hata ikiwa na umbo la ngeli nyingine. Kwa hiyo "kiongozi huyu amefika" ni sawa, na pendekezo la "kiongozi hiki kimefika" ni la kukataa. Hilo kila mtu analiona. Nusu isiyojulikana ni ya vimilikishi. Rafiki, ndugu, mama, baba, dada na kaka huchukua yangu na zangu: "rafiki yangu amefika", "ndugu zangu wamefika". Katika sentensi moja kitenzi kinafuata ngeli ya viumbe na kimilikishi kinafuata ngeli ya umbo la neno. Kanuni isiyojua hilo itakuambia uandike "rafiki wangu", na msomaji mgeni wa lugha atakubali kwa kuona mantiki imekaa sawa.

Mahali pengine pendekezo la upatanisho linaweza kuwa sahihi kwa sarufi na bado likawa kosa. Baraza la Kiswahili la Zanzibar lilitoa mwaka 2010 kamusi yake, na jina lake ni Kamusi la Kiswahili Fasaha. Kamusi iliyotungwa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili mwaka 1981 inaitwa Kamusi ya Kiswahili Sanifu. Moja "la", nyingine "ya", na marejeo ya tasnifu moja yanaweza kuzitaja zote mbili kwenye ukurasa mmoja. Anayesawazisha ngeli hapo ameharibu jina la kitabu. Jina halihaririwi, linahakikiwa kwenye jalada. Hali ni hiyo hiyo kwa maneno ya mtu yaliyonukuliwa. Mjumbe akisema kikaoni "gari yangu ilikamatwa" na katibu akayaweka kwenye alama za mtajo, "langu lilikamatwa" si maneno yake tena.

Kabla ya kupima pendekezo lolote, hakikisha programu inajua kwamba hati ni ya Kiswahili. Kwenye Word nenda `Review`, kisha `Language`, kisha `Set Proofing Language`. Chagua hati yote kwanza kwa Ctrl+A, la sivyo hutabadilisha hati nzima. Hati nyingi zinazotoka ofisini zimeandikwa Kiswahili lakini zimewekewa alama ya Kiingereza, na dalili ni rahisi: karibu kila neno lina mstari na mapendekezo hayana uhusiano wowote na unachosoma. Usipoteze muda kukataa moja moja. Badilisha lugha, mistari mingi itaondoka yenyewe, kisha ndipo uanze kazi.

Alama hiyo ya Kiingereza ina madhara mengine ambayo hayaonyeshi mstari hata mmoja, kwa sababu yametendeka wakati mchapaji anaandika. Herufi "i" ikisimama peke yake hugeuzwa kuwa kubwa, kwa hiyo "dhamana i mikononi mwa mweka hazina" inakufikia ikiwa "dhamana I mikononi mwa mweka hazina", kama namba ya Kirumi iliyopotea njia. Nukta ya kifupisho huhesabiwa kuwa mwisho wa sentensi, na neno linalofuata "k.v." au "n.k." huanza kwa herufi kubwa. Ukiwa wewe ndiye unayechapa, bonyeza Ctrl+Z papo hapo: badiliko la programu litarudi nyuma, maneno yako yatabaki. Ukipokea hati iliyochapwa na mwingine, yatafute haya kwa makusudi, maana programu haitakuonyesha kazi ya mikono yake.

Vitufe vitatu vinastahili tahadhari kuliko vingine. `Change All` hubadilisha neno kila lilipo kwenye hati. Kwenye katiba yetu "hatalipwa" inaweza kuwa sahihi katika ibara ya adhabu na kuwa kosa la kuchapa katika ibara ya posho. Kitufe kimoja kitaziburuta zote upande mmoja. Kitumie kwa kosa lisiloweza kuwa neno lolote, kama "mwanacahma", na si kwa kitenzi. `Ignore All` ina nafuu, hunyamazisha neno katika hati hiyo tu. `Add to Dictionary` hudumu: ukiongeza "alieomba" kwa haraka, programu haitakuonya tena kwenye hati nyingine yoyote katika kompyuta hiyo. Ongeza majina ya watu na mahali unayokutana nayo kila wiki, na vitenzi ulivyovikata na kuvihakiki. Orodha hiyo ni faili la maandishi ya kawaida, kwa hiyo unaweza kulifungua mara kwa mara na kufuta yasiyostahili.

Sehemu ambazo programu imenyamaza usizichukulie kuwa salama. "Faini isiyo zidi shilingi 5,000" haipati mstari, kwa kuwa "isiyo" ni neno na "zidi" ni neno. Programu haijui kwamba yanapaswa kuungana. "Wanachama watapiga kula" haipati mstari. "Jinsi alivyomthamini", mahali pa "alivyomdhamini", inaweza isipate mstari, na humo aliyeweka dhamana amegeuka kuwa aliyemwona mwenzake ana thamani. Kwa ajili hiyo soma mara ya kwanza mistari ikiwa imefichwa. Kwenye Word chaguo ni `Hide spelling errors in this document only`. Jicho likiongozwa na mistari huruka yasiyo na mstari. Baada ya kusoma kwa macho yako mwenyewe, irudishe mistari upime mapendekezo.

Yale uliyoyaweka kando kwa ajili ya mwenye hati yanahitaji swali linalojibika. "Tafadhali angalia ibara ya 7" ni swali bovu, kwa sababu mwandishi ataangalia, ataona alichokusudia kuona, na atajibu kwamba iko sawa. Usimuulize juu ya viambishi pia. Hana deni la kujua -w- ni nini. Mwekee maana mbili mbele yake achague:

"Mwenyekiti, shikamoo. Ibara ya 7: mwanachama anayedaiwa anapata gawio la mwaka huo, au hapati? Katika hati imeandikwa hapati. Na ambaye muda wake wa kulipa umepita, anaruhusiwa kulipa baadaye akarudishiwa haki zake, au amezipoteza?"

Swali la kwanza atalijibu kwa neno moja. La pili huenda akalipeleka kwenye kamati, na hiyo ni dalili kwamba utata haukuwa wa tahajia hata kidogo. Jibu likija, liweke pamoja na hati, hata kama ni ujumbe wa simu tu, kwa maana siku ya ugomvi wa gawio mtu ataulizwa nani aliandika "hatalipwa".

Fanya masahihisho yote `Track Changes` ikiwa imewashwa, ili mwenye hati aone kilichotoka na kilichoingia. Ukimaliza, usitegemee kumbukumbu hiyo peke yake, kwani yaliyobadilika kabla hujaiwasha hayamo. Chukua nakala uliyoletewa, ile ambayo hukuigusa, na nakala yako ya mwisho, uzilinganishe kwa `Compare` iliyo ndani ya `Review`. Word itakuonyesha kila tofauti. Pitia vitenzi tu katika orodha hiyo, kimoja baada ya kingine, na kwa kila kimoja uweze kusema kama uliunyoosha mwandiko au ulipewa ruhusa. Kitenzi ambacho huna jibu lake kirudishe kilivyokuwa.